Jumatatu saa mbili: simu ulizopokea na simu zilizokuja

(Haya ndiyo niliyoongea Jumamosi mbele ya masupavaiza wa kolsenta pale Ntinda, Kampala. Wengi waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale projekta ilipozima tukakaa dakika kumi tunatazamana.)

Habari za asubuhi ndugu zangu, sebo na nyabo wote, na wazee wangu mliokaa huko nyuma karibu na chai nimewaona. Mimi kazi yangu ni kupanga rosta. Ukichelewa kutoka zamu ukakosa kamunye ya mwisho, mimi ndiye unayenilaani, na ukikuta foleni ya simu thelathini unapoingia asubuhi pia mimi, kwa hiyo leo mmenipata mzima mzima, semeni.

Nitaongea kitu kimoja tu, Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye laini ya Kiswahili. Mnajua laini zetu zilivyo, Kiingereza na Luganda ndiyo bahari, watu hamsini na zaidi wamekaa pale, halafu pembeni kuna kameza kadogo ka Kiswahili kanakohudumia Arua, Koboko, Busia, Malaba, na wafanyabiashara wa huku mjini ambao wakikasirika Kiingereza kinawakimbia. Ni laini ndogo, na mtaona baadaye kwamba udogo wake ndio ugonjwa wake.

Nianze na aibu yangu kwanza. Rosta yangu ya kwanza kabisa niliipanga kwa kuchukua ripoti ya kila saa kutoka kwenye sistimu, nikaona kilele kimesimama kwenye 05:00. Nikasema sawa, saa tano, watu wameshafungua maduka, wameshakunywa chai, inaingia akilini kabisa. Nikapanga watu wengi saa tano asubuhi. Wiki mbili nzima watu wanaingia saa tano wanakuta wenzao wa asubuhi wamechoka kama wamelima, na wao wenyewe wanakaa wanachezea kalamu. Kumbe sistimu inaandika saa za UTC, na sisi huku tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo ile 05:00 ilikuwa 08:00 ya kwetu, yaani saa mbili asubuhi! Mimi nikaisoma kwa saa ya Kiswahili, nikaruka masaa matatu kwenda upande mwingine bila kujua. Kama ingekuwa inaonyesha 19:00 ningeshtuka, lakini kosa linalofanana na ukweli ndilo linalokaa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nina ka utaratibu kangu, kabla sijaamini ripoti yoyote mpya napiga simu kwenye laini yetu kwa namba yangu mwenyewe saa nne kamili asubuhi, halafu naenda kuitafuta kwenye ripoti. Ikitokea 10:00 sawa, ikitokea 07:00 najua nashughulika na UTC. Inachukua dakika mbili. Na kwenye rosta siandiki tena “saa 2” peke yake, naandika “saa mbili asubuhi (08:00)”, kwa sababu tuna vijana waliosoma shule za kimataifa ambao “saa 2” kwao ni mchana, na mmoja alishawahi kuja mchana kweli, ameshiba vizuri, anashangaa kwa nini namtazama vile.

Haya, tuingie kwenye Jumatatu yenyewe.

Baada ya kurekebisha saa, ripoti ya simu zilizopokelewa ilikuwa inasema hivi: saa mbili hadi saa tatu tumepokea simu 44, saa tatu hadi saa nne tumepokea 65. Ukimpa mtu yeyote namba hizo atakuambia kilele ni saa tatu, weka watu saa tatu. Na ndivyo tulivyokuwa tumeweka, watu wanne wanaanza saa moja, wengine wanne wanaongezeka saa tatu. Rosta na ripoti vinakubaliana, menaja anafurahi, na bado kila Jumatatu mteja wa kwanza anayepokelewa anaanza kwa kutukana.

Sasa hebu tuikague ile 44. Simu moja kwetu inachukua wastani wa dakika 5, dakika 4 za kuongea na 1 ya kuandika kesi baada ya mteja kukata, na ile moja ya kuandika msiisahau, ni kazi kama kazi nyingine. Watu wanne katika saa moja wana dakika 240. Simu 44 mara dakika 5 ni dakika 220. Yaani wale wanne walikuwa kwenye simu kwa asilimia 92 ya saa nzima, hawajapumua, hawajanywa maji. Hiyo 44 haikuwa idadi ya wateja. Ilikuwa kipimo cha ukubwa wa kikombe, hata mvua ingenyesha ya gharika kikombe kingejaa palepale. Ukiona idadi ya simu zilizopokelewa haipandi wala haishuki kwa Jumatatu nyingi, 44, 43, 45, 44, usifurahi kwamba wateja wako ni watulivu, ujue unapima watu wako mwenyewe. Ukitumia namba hiyo kutabiri Jumatatu ijayo utaambiwa watu wanne wanatosha, utaweka wanne, watapokea 44, utabiri utaonekana sahihi. Unaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima na ripoti yako ikawa nzuri kabisa.

Basi nikaomba orodha yenyewe, kila simu iliyogusa laini, na ile iliyokatika kabla ya kupokelewa, na namba iliyopiga. Saa mbili hadi saa tatu ya Jumatatu ile zilikuwepo simu 90. Tisini! 44 zimepokelewa, 46 watu wamechoka kusikiliza muziki wakakata. Hapo mtu mwingine anaruka upande wa pili, anasema basi tuna simu 90, tuajiri. Ngoja kwanza. Mnamjua mtu wetu, akikata hasemi nitapiga kesho, anapiga hapohapo, tena na tena, pesa yake ya karo imeenda kwa namba ya mtu asiyemjua, wewe ungelala? Mama mmoja wa Koboko alikuwa amepiga mara saba ndani ya dakika arobaini. Mara saba, ni mtu mmoja, ana shida moja, na akishapokelewa anatuchukulia dakika 5 tu kama wengine.

Kwa hiyo nikapanga orodha kwa namba za simu, na kanuni yangu ni hii: namba ikipiga mara ya kwanza naihesabu kwenye saa ile iliyopiga, halafu majaribio yake yote yanayofuata siyahesabu mpaka siku hiyo apokelewe. Akishapokelewa kisha akapiga tena, hiyo ni simu mpya, kwa sababu ni kazi mpya. Siyo kanuni kamilifu, kuna duka moja la wakala kule Malaba watu watatu wanatumia simu moja, lakini hao ni wachache hawaharibu hesabu.

Zile 90 zikageuka kuwa watu 63. Kati yao 44 walipokelewa, 19 hawakupokelewa kabisa katika saa ile. Walienda wapi? Nikaangalia saa inayofuata, saa tatu hadi saa nne, zilikuwepo namba 66, na 15 kati ya hizo ni walewale wa saa mbili waliokosa. Ukiwatoa, watu wapya wa saa tatu ni 51.

Mmeona kilichotokea hapo? Ripoti inasema 44 halafu 65, kilele ni saa tatu. Ukweli ni 63 halafu 51, kilele ni saa mbili. Kile kilele cha saa tatu tulikitengeneza sisi wenyewe kwa kuchelewesha watu, tukawa tunawapeleka wafanyakazi kwenye saa ambayo kazi imekimbilia badala ya saa ambayo kazi imezaliwa.

Kuna wengine hata hii orodha haiwaoni, wale wanaopata mlio wa laini kujaa kabla hawajafika kwenye foleni. Kama bado mnatumia laini za E1, moja ina njia 30 za sauti, zikijaa mtu wa 31 haonekani popote kwenye ripoti ya foleni, itabidi umwombe mtu wa mitambo. Kwetu halikuwa tatizo, naenda mbele.

Sasa kutabiri. Watu wakisikia “utabiri” wanafikiri kuna uchawi, au wanataka programu ya mamilioni. Mimi nilichukua Jumatatu sita zilizopita, saa ileile, watu waliopiga mara ya kwanza, nikapata 58, 66, 63, 97, 55, 69. Hiyo 97 inajitokeza kama jino la dhahabu. Nikauliza zamu, nikaambiwa siku hiyo malipo yalikwama tangu alfajiri, kila wakala nchi nzima alikuwa anapiga. Nikaitoa kwenye wastani lakini sikuifuta, nina karatasi yangu ya siku za balaa na sababu zake pembeni, kwa sababu balaa likija mara tatu tarehe zilezile linakuwa ratiba. Mfano siku zinazozunguka tarehe 28, mishahara ya serikali ikiingia, mwanzoni nilikuwa nazitoa kama ajali mpaka nikagundua ajali ina kalenda. Zilizobaki tano zinanipa wastani wa 62.

Sasa hii 62 msiibebe kama jiwe. Simu zinakuja bila kupangana, wapigaji hawajuani, na kitu kinachokuja hivyo kina mtawanyiko wake wa asili, karibu kipeuo cha pili cha wastani. Kipeuo cha 62 ni karibu 8. Maana yake hata kama utabiri wako ni sahihi kabisa, Jumatatu mbili kati ya tatu utapata kitu kati ya 54 na 70, na ile ya tatu itatoka nje ya hapo bila sababu yoyote, na huku mtaani mtawanyiko huwa mkubwa kidogo kuliko huo. Kwa hiyo wiki ikija 69 usiitishe kikao. Wiki ikija 55 usipunguze mtu. Zikija Jumatatu nne mfululizo zote juu ya 62 hapo ndipo naanza kukunja mikono ya shati. Nimemwona supavaiza mmoja anabadilisha rosta kila wiki akifuata namba ya wiki iliyopita, alikuwa anakimbiza kivuli, na watu wake hawakujua lini wanalala.

Kingine ambacho kwenye laini ya Kiswahili kinatuuma kuliko laini nyingine ni Ramadhani. Jumla ya simu za siku haibadiliki sana, kinachohama ni masaa. Jioni kuelekea magharibi simu zinakauka, huku kwetu tuko karibu na mstari wa ikweta na jua la Kampala linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi mwaka mzima, kwa hiyo ile saa ya futari unaijua bila kuangalia kalenda, halafu baada ya futari zinapanda tena kwa nguvu. Ukilinganisha na wiki ileile ya mwaka jana unaharibu, kwa sababu Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, wiki iliyokuwa ya mwisho ya mfungo mwaka jana mwaka huu inaweza kuwa wiki ya kawaida. Mimi nalinganisha wiki ya kwanza ya mfungo na wiki ya kwanza ya mfungo. Na Idi yenyewe inasubiri mwezi, unajua usiku wake, basi naandika rosta mbili, moja ya Idi na moja ya siku ya kawaida, na watu wanajua tangu mapema wako wapi kwenye kila moja. Usiku mwezi ukiandama natuma ujumbe wenye neno moja tu.

Haya, tuna 62. Tunahitaji watu wangapi kwenye simu?

Hesabu ya haraka kila mtu anaijua, simu 62 mara dakika 5 ni dakika 310, gawanya kwa 60 unapata 5.17. Watu watano na kidogo, weka sita. Menaja wangu alisema hivyohivyo, na sita kwake ilikuwa ni ukarimu. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama wateja wangekuja kama wagonjwa wenye namba kwenye benchi, mmoja akitoka mwingine anaingia. Lakini simu zinakuja tatu kwa pamoja, halafu dakika nzima kimya, halafu tano. Dakika ya kimya ikipita imepita, huwezi kuiweka akiba ukaitumia wakati wa zile tano.

Aliyelitafutia tatizo hili hesabu yake ni Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, alifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Kopenhageni, na mwaka 1917 alichapisha fomula ambayo mpaka leo kolsenta zinaitumia. Wanawake wa kuunganisha simu kwa mikono walikuwa wanakaa mbele ya mabodi, na swali lilikuwa hilihili letu, wakae wangapi. Ile 5.17 inaitwa kwa jina lake, Erlang 5.17. Huhitaji kununua chochote, inaingia kwenye eksel. Weka simu za saa moja kwenye A2, sekunde za simu moja kwenye B2, idadi ya watu kwenye C2, halafu:

```
D2: =A2*B2/3600
E2: =POISSON.DIST(C2,D2,FALSE)/(POISSON.DIST(C2,D2,FALSE)+(1-D2/C2)*POISSON.DIST(C2-1,D2,TRUE))
F2: =1-E2*EXP(-(C2-D2)*20/B2)
G2: =E2*B2/(C2-D2)
```

D2 ni ule mzigo, E2 ni uwezekano wa mtu kukuta wote wako bize, F2 ni sehemu ya simu zinazopokelewa ndani ya sekunde 20, na tunataka ifike 80 katika 100, na G2 ni wastani wa kusubiri kwa sekunde. Angalizo moja, C2 lazima iwe kubwa kuliko D2, vinginevyo eksel itakupa namba za kipuuzi na hazitakuwa na alama ya aibu usoni.

Tuweke 62, 300, na watu 6. Inakuja kwamba simu 39 tu katika 100 zinapokelewa ndani ya sekunde 20, na wastani wa kusubiri unakaribia dakika 4. Weka 7: simu 68 katika 100, kusubiri dakika 1. Weka 8: simu 84 katika 100, kusubiri sekunde 20 hivi.

Rudieni kuziangalia hizo tatu taratibu. Kutoka watu sita kwenda saba, mtu mmoja tu, kusubiri kunashuka kutoka dakika karibu nne hadi dakika moja. Mtu huyo mmoja akichelewa kwa sababu mvua imepiga na jamu imejaa toka Bweyogerere, mteja wa Arua anasubiri mara nne zaidi. Ndiyo maana kwenye laini ndogo mtu mmoja hana mbadala, na kwenye laini kubwa hata wakikosekana wawili unaumia lakini hufi. Nilifanya hesabu ya laini yenye simu mara kumi, 620 kwa saa, ukitaka huduma ileile inahitaji watu kama 58, siyo 80. Watu 58 hao wanakuwa bize karibu asilimia 89 ya muda wao, wale wanane wetu asilimia 65 tu. Na hapa ndipo ugomvi unapozaliwa! Menaja anapita, anaona meza ya Kiswahili wawili wanapiga soga, meza ya Luganda hakuna hata anayeinua kichwa, anahitimisha kwamba Waswahili wavivu. Hapana mzee, ndiyo bei ya laini ndogo, wale wawili wanaopiga soga saa mbili na dakika kumi ndio wanaomshika yule mama wa Koboko saa mbili na dakika kumi na mbili.

Fomula ina kasoro yake na lazima niiseme. Inadhani hakuna anayekata simu, kila mtu anasubiri mpaka mwisho. Kwa hiyo foleni ikiwa mbaya inatia chumvi, ile dakika 4 ya watu sita kwa kweli ingekuwa pungufu kwa sababu wengine wangekata. Lakini kwetu wanaokata wanarudi, kwa hiyo sijioni nina haki ya kujifariji. Nyingine, saa moja ni ndefu. Ndani ya ile saa yetu nusu ya kwanza ilikuwa na watu 24 na nusu ya pili 38. Ukipiga hesabu ya kila nusu, ya kwanza inataka watu 7, ya pili 10. Wastani wa nane unawadanganya wote wawili kidogo. Kama ripoti yenu inatoka kwa nusu saa, tumieni nusu saa.

Basi tunataka wanane kwenye simu. Kwenye rosta unaandika wangapi? Nilihesabu wiki sita, nikasimama mlangoni kama askari, katika kila kumi walioandikwa kuwa kwenye zamu saa mbili, wanane ndio walikuwa na hedseti kichwani saa mbili na robo. Mmoja anaumwa au ana msiba, mwingine yuko juu ya boda bado anatuma “niko karibu”. Kwa hiyo nagawanya, 8 kwa 0.8, napata 10. Wengi wanachukua nane wanaongeza asilimia ishirini wanapata 9.6, halafu wanaandika 9 wakijiona wamekuwa na huruma kwa bajeti. Tisa ukiwatoa asilimia 20 unabaki na saba, na saba tumeshaona ni nini. Asilimia hiyo pia siyo moja kwa siku nzima, saa mbili tatizo ni kuchelewa, saa saba ni chakula, hesabuni ya saa yenu.

Halafu kuna hii ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha rosta. Mtu anayeanza saa mbili kamili hapokei simu saa mbili kamili. Kompyuta inawaka polepole, paswedi imeisha muda wake wikendi na kila Jumatatu kuna mtu anaita mtu wa ai-ti, halafu mifumo mitatu ya kufungua. Nilipima, dakika 12. Ndani ya dakika hizo 12, kwa simu 62 kwa saa, wameshapiga watu 12 hivi. Kwa hiyo rosta mpya ya Jumatatu ikawa wanne wanaanza saa moja kamili kama zamani, na sita wanaanza saa mbili kasorobo. Wanne kati ya sita ni walewale waliokuwa wanaanza saa tatu, wawili niliwatoa mchana. Ile robo saa wanalipwa, tuelewane, ukimwita mtu aje kuwasha kompyuta bure utapata ulichokilipia.

Ukivuta asubuhi unavuta na jioni, kwa hiyo niliangalia saa kumi hadi saa kumi na moja kama nimeacha shimo. Simu 24, Erlang 2, watu wanne kwenye simu wanatosha, tunao.

Jumatatu ya kwanza ya rosta mpya walikuja watu 71. Moyo ukaruka. Lakini majaribio yalikuwa 76. Hiyo ndiyo namba niliyoitazama kwanza: kabla, majaribio 90 kwa watu 63, sasa 76 kwa watu 71. Yakikaribiana hivyo ujue watu wanapokelewa mara ya kwanza na ripoti yako imeanza kusema kuhusu wateja badala ya kusema kuhusu wewe. Yakiachana tena, usiguse wastani wako wa utabiri kwanza, nenda kaangalie nani hakuja kazini.

Kulikuwa na swali moja zuri kutoka kwa dada mmoja wa kule Mbale, nalijibu hapa kwa sababu niliulizwa mara tatu tena wakati wa chai. Alisema, “Kaka, mimi nina sita, sina wa saba wala wa nane, na hakuna bajeti mpaka Julai. Nifanye nini na saa mbili yangu?”

Nilimwambia kama huwezi kuongeza watu, gusa ile dakika 5, lakini usimharakishe mtu kuongea, mteja aliyekatwa katikati atapiga tena na utamlipia mara mbili. Gusa ile dakika ya kuandika. Kwetu kesi ya pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yake ilikuwa na fomu ya vipengele 11, mhudumu anaijaza yote huku foleni inalia. Tukaifanya saa mbili hadi saa tatu ajaze vitatu tu, namba iliyotuma, namba iliyopokea na kiasi, vilivyobaki wanamalizia kuanzia saa tano simu zikitulia, isipokuwa ombi la kuzuia pesa ambalo linaenda hapohapo. Simu ikashuka kutoka sekunde 300 hadi 240. Ingizeni 240 kwenye ile eksel, simu zilezile 62, watu walewale sita, kusubiri kunatoka karibu dakika nne hadi sekunde 41. Haifikii 80 katika 100, inaishia 73. Akasema 73 anaichukua, akaomba nimtumie ile fomu ya vipengele vitatu, nikamtumia hapohapo kabla sambusa hazijaisha.